Prodyuza anasema wimbo wangu ameshausikia

*Shikamoo Mama. Nina miaka 26, naishi Mwanza, naimba kwenye sherehe. Nimetunga wimbo kwa ajili ya mchumba wangu, fundi cherehani wa Sengerema. Tulikutana mwaka 2023 kwenye kivuko cha Kigongo. Nilimpelekea prodyuza, akasikiliza ubeti mmoja na kiitikio, akasema, “Huu nimeshausikia.” Nikamwambia haiwezekani, nimeutunga wiki iliyopita. Akacheka tu. Mama, nimeumia, maana kila neno nimelitoa moyoni. Kosa liko wapi? Wimbo wenyewe ni huu:*

*Wewe ua la moyoni*
*Waridi lenye thamani*
*Nakupenda duniani*
*Mwingine simtamani*

*Bila wewe mi siwezi*
*Wewe nyota, wewe mwezi*
*Nimezama kwenye penzi*
*Sikuachi mi, mpenzi*

*Mtunzi wa Mwanza*

Marahaba mwanangu. Nimeusoma wimbo wako, kisha nikauimba jikoni huku nachambua mchele. Vipimo vimekaa sawa: kila mstari una mizani nane na vina havigombani. Ufundi huo unao, tuuache. Prodyuza naye hakukuonea.

Tazama vina vya ubeti wako. Mistari minne yote inaishia na -ni. Kiswahili kina maneno ya -ni mengi kuliko dagaa wa Ziwa Victoria, kwa sababu unachukua jina la kitu, unabandika -ni, umepata kina: moyoni, rohoni, machoni, mbinguni. Ukishaandika “moyoni” mstari wa kwanza, sikio lenyewe linakuletea “thamani”, na “thamani” inamvuta “tamani” nyuma yake kama behewa. Wewe unadhani unatunga, kumbe kina ndicho kinachotunga. Na kwa kuwa kila mtunzi wa Kiswahili ameshapanda treni hiyo, mnashuka kituo kimoja. Kiitikio vilevile: “siwezi” imemleta “mwezi”, “mwezi” amelileta “penzi”. Hayo maneno yanaishi nyumba moja tangu sijazaliwa.

Sasa waridi. Mimi ni mtu wa Tanga, nimetunga nyimbo za taarab miaka mingi, kwa hiyo sina ugomvi na maua. Zamani mtunzi alimwita mtu waridi au asumini kwa sababu jina halitajiki: labda ni mke wa mtu, labda ni binti wa jirani na baba yake amekaa safu ya mbele. Ua lilikuwa linamficha mtu. Na asumini kwa mtu wa Unguja ni kitu alichokinusa jana usiku, kimefungwa kikuba, kimevaliwa na mtu anayemjua. Lakini wewe uko Mwanza. Nikuulize: mchumba wako umemwona na waridi lini? Alilishika mkono gani? Kama huwezi kujibu, basi hilo ua hukuliona, umelisikia kwenye nyimbo za wenzako. Hicho ndicho kipimo changu kwa kila neno lako: *ulikuwa wapi ulipoliona?*

Kosa hili nalijua kwa sababu nimelifanya. Wimbo wangu wa kwanza kwa marehemu mume wangu nilimwita lulu, nikamwita mwezi wa kumi na nne. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, “Sasa huyu uliyemwimbia ni nani?” Hakuwa anatania. Miaka ile alikuwa na tabia ya kukohoa mara mbili kabla hajafungua mlango, hata nyumba ikiwa haina mtu mwingine. Nilipokitia kikohozi kile kwenye wimbo, aliona aibu akatoka nje, na jioni akaomba niuimbe tena.

Ndiyo maana nilikutumia yale maswali kwenye simu kabla ya kuandika hapa. Wasomaji hawakuyaona, kwa hiyo nitayataja. Siku ile alikuwa amebeba nini? Maneno yake ya kwanza kwako yalikuwa yapi, neno kwa neno? Mikono yake ilikuwa inafanya nini? Kuna kitu gani chumbani kwako ambacho kisingekuwapo kama usingemjua? Ulimdanganya nini? Ulijibu yote isipokuwa hilo la mwisho, ukasema “Mama, hilo tuliache.” Nikajua wimbo uko hapo hapo.

Majibu yako, kwa ufupi, yalikuwa haya. Alikuwa ametoka Mwanza kutengeneza cherehani, amebeba kichwa chake, kile chuma cheusi peke yake bila meza, amekifunga kitenge. Ulijitolea kumbebea. Ulipokishika, akasema, “Usishike hapo, kuna mafuta.” Ulikuwa umeshashika, ukakitwika begani, na shati lako jeupe likanywa mafuta ya cherehani. Doa halijatoka mpaka leo na shati hujalitupa. Usiku wa manane ukanitumia na lile lingine: hukuwa na safari. Ulikuja Kigongo kumpa dereva mzigo wa mtu, ukapanda kivuko kwa sababu ya mchumba wako, na alipokuuliza unakwenda kwa nani ng'ambo, ukamtajia shangazi ambaye hayupo.

Mwanangu, una shangazi wa uongo na shati lenye doa, halafu unaniandikia “waridi lenye thamani”!

Watu wakishaambiwa “tia mambo yako mwenyewe” huwa wanateleza upande wa pili. Nami nilijaribu kwanza kwa haraka, nikatoka na huu:

*Ilikuwa Jumamosi*
*Kigongo hadi Busisi*
*Kitenge chenye nanasi*
*Tukavuka kwa nafasi*

Mizani nane, vina vipo, na yote ni kweli, hata mananasi ya kitenge ulinitajia. Lakini uimbe. Unasikika kama mtu anatoa maelezo kituo cha polisi. Siku, mahali, michoro ya nguo, kisha nini? Hakuna kinachomtokea mtu. Jina la mahali nalo halifanyi kazi peke yake: msikilizaji wa Mombasa hajui Kigongo, ila kivuko anakijua, Likoni anavuka kila siku. Ukimpa honi na mzigo begani atavuka na wewe, ukimpa jina tupu atabaki ng'ambo.

Kwa hiyo kati ya yote uliyonitajia, nilitafuta kile ambacho kimetoka kwake kikaja kwako. Kitenge kilikuwa kizuri lakini kilibaki kwake. Mafuta yalihama. Yalitoka kwenye kazi ya mikono yake yakaingia kwenye nguo yako, na yapo hadi leo. Doa hilo linasema “sikuachi” bila wewe kulitamka.

Hapo nikageuza kazi. Wewe ulianza na kina ukatafuta neno la kukijaza. Mimi nilianza na neno ambalo lazima liwepo, “mafuta”, nikaliweka mwisho wa mstari, ndipo nikauliza -ta inanipa nini. Inanipa vuta, pita, nata, kuta, juta. Vitenzi vitupu, na kitenzi ndicho ninachokitaka, maana kinanilazimisha kusema kitu kilichotokea. Maneno yake ya kwanza nilitaka yaingie kama alivyoyasema, lakini “Usishike hapo, kuna mafuta” ni mizani kumi na moja. Nikapunguza mpaka nane, nikahakikisha bado yanasikika kama mtu aliyeshtuka:

*“Si hapo, pana mafuta”*
*Shati jeupe lavuta*
*Sabuni zote zapita*
*Doa lako linanata*

Sijaandika nakupenda hata mara moja. Angalia pia neno “lako” mstari wa nne. Ningeweza kuandika “doa lile”, mizani ni ileile, lakini “lako” inamkabidhi doa mwenyewe. Na “lavuta” imesimama badala ya “linavuta” kwa sababu mstari ungezidi. Kwenye wimbo tumezoea, haitamsumbua mtu.

Ubeti wa pili nimeurudisha kwenye -ni makusudi, usije ukadhani nimekukataza kina hicho. -ni ina vitu vya kushika pia: honi, sabuni, foleni, cherehani yenyewe.

*Kivuko chapiga honi*
*Cherehani i begani*
*Sengerema, ugenini*
*Ukauliza, “Kwa nani?”*

Ubeti huu unaishia kwenye swali, na swali linadai jibu, kwa hiyo kiitikio kinaingia chenyewe bila kusukumwa. Hapo ndipo shangazi anapofanya kazi, na bahati yako, shangazi anaishia na -zi, kina kilekile ulichokuwa nacho:

*Nikasema, “Kwa shangazi”*
*Ng'ambo mi sina shangazi*
*Nauungama, mpenzi*
*Bila wewe mi siwezi*

Najua wapo watakaosema nimerudia “shangazi” mistari miwili, kina na kina kimoja. Wana haki kwenye mashairi ya kuandikwa. Kwenye wimbo, shangazi wa kwanza yupo na wa pili hayupo, na watu watacheka hapo. Waache wacheke.

Mstari wa mwisho ni wako, sijaugusa. “Bila wewe mi siwezi” ni usemi uliochoka, umeimbwa mpaka kingo zimelika. Nimeuacha kwa sababu mbili. Kiitikio kinahitaji mstari mmoja ambao ukumbi mzima utaushika mara ya kwanza kuusikia, na huwezi kuwatarajia watu mia mbili kwenye harusi waitikie habari za mafuta ya cherehani. Tena sasa umeulipia. Ulipouweka mwanzoni mwa kiitikio ulikuwa unamwomba msikilizaji akuamini bure. Ukija baada ya doa na uongo wa shangazi, anajua ni nani asiyeweza, na hawezi nini: hawezi hata kuacha mtu avuke peke yake. Usemi mmoja wa kawaida kwa kiitikio unatosha. Ukirudisha na nyota na mwezi, prodyuza atacheka tena.

Kuna jambo moja la sauti ambalo karatasi haitakuonyesha. Maneno yetu yanakazwa silabi ya pili kutoka mwisho: ma-FU-ta, sha-NGA-zi, che-re-HA-ni. Maneno ya mazoea kama “moyoni” umeyaimba mara elfu, mdomo unajua pa kuvuta. Maneno mapya mdomo haujayazoea, na melodi yako ya zamani inaweza kukulazimisha uvute pasipovutika. Niliposikiliza sauti uliyonitumia, noti yako ndefu inaangukia silabi ya mwisho kabisa: “moyoniii”. Jaribu hivyo kwa “mafutaaa” utasikia linavyogeuka, kama mgeni anayejifunza lugha. Kwa Kiswahili mkazo si pambo, maana “barabara” ukiikaza pengine ni njia ya magari na pengine ni sawasawa. Sema mstari kwa kawaida, kama unaongea na mtu, upige kofi kwenye mkazo. Kisha uimbe juu ya biti, upige tena. Kofi likihama, usimwambie prodyuza abadili biti. Ama sogeza noti ndefu nyuma silabi moja, ama badili mpangilio wa maneno. Kwa wimbo huu naona kusogeza noti kunatosha, kwa sababu mistari yote kumi na miwili inaishia na mkazo mahali pamoja.

“Cherehani i begani” ndiyo inayonipa wasiwasi. Ile “i” peke yake inaweza kumezwa na silabi iliyotangulia, watu wakasikia “cherehani begani”, mizani saba, ukabaki na pengo. Ikikusumbua studio, imba “Cherehani ya begani” ujue umepoteza kidogo, au tafuta chako.

Ubeti wa tatu sijautunga, huo ni wako. Ila nakupa kitu cha kuchezea: tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe mwaka 2025, ile safari ya kusubiri honi imekuwa ya dakika chache kwa gari. Kama mngekutana leo, mngekutana wapi? Usingekuwa na muda wa kumbebea mtu mzigo wala wa kumdanganya. Kuna ubeti humo, na mtu yeyote wa Kanda ya Ziwa aliyewahi kukaa kwenye foleni ile na jua la saa saba atauelewa bila kufafanuliwa. Usisifu daraja tu, itakuwa wimbo wa kampeni.

Ukishautunga, fanya jaribio moja. Mpe rafiki yako maneno bila kumwambia ni ya nani, umwambie aweke jina la mpenzi wake mahali pa wako. Wimbo wa kwanza ataweza, hata kocha wa Yanga anaweza kumwimbia mkewe. Huu wa pili atakwama kwenye mafuta. Akipita bila kukwama kwenye ubeti wa tatu, ujue umerudi kwenye waridi.

Yale ya ugomvi wake na mama yake uliyonieleza usiyatie. Ni ya kweli na yanauma, ila ni yake, hayakutokea baina yenu wawili. Jina lake pia liache nje, wateja wake wasije wakaanza kuimba dukani wakati anampima mtu kiuno.

Na lile la shangazi. Umeniambia mchumba wako hadi leo anaamini yupo, eti aliwahi hata kumtumia salamu. Mwambie kabla hujaingia studio, mkiwa wawili, shati likiwa mkononi. Asije akaungamiwa na spika za harusi ya watu.